Asilimia 197 za Apple zilitoka wapi? Kuifungua faida kwa mtaji vipande vitatu

Mtu akikujia na biashara inayozaa asilimia 197 kwa mwaka, yaani unaweka laki moja na mwaka unapoisha imezaa karibu laki mbili juu yake, utamwuliza kwanza kama si ile michezo ya kupanda na kuvuna iliyowaliza watu akiba zao. Una haki ya kuuliza. Lakini asilimia 197 ndiyo inayotoka kwenye hesabu zilizokaguliwa za kampuni ya Apple kwa mwaka wa fedha ulioishia Septemba 2022. Faida baada ya kodi ilikuwa dola bilioni 99.8. Mtaji wa wenye hisa, yaani mali yote ya kampuni ukitoa madeni, kama ulivyoandikwa kwenye mizania siku ya kufunga mwaka, ulikuwa dola bilioni 50.7. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, unapata 1.97.

Miaka kumi nyuma, mwaka wa fedha wa 2012, hesabu hiyohiyo kwa kampuni hiyohiyo ilitoa asilimia 35. Kwa kipimo hiki, basi, Apple ya 2022 ni bora mara tano na nusu kuliko Apple ya 2012. Je, ndivyo ilivyokuwa? Waliuza simu kwa faida nono mara tano zaidi? Hapana. Faida waliyobaki nayo kwa kila dola ya mauzo ilipungua kidogo.

Kipimo chenyewe ni faida kwa mtaji. Kwenye programu za simu za soko la hisa na kwenye ripoti za madalali utakiona kimeandikwa `ROE`. Watu wengi wanaonunua hisa hukitazama mapema kabisa, na ni haki yao, maana kinajibu swali la mwenye mali: fedha yangu iliyomo humu imenizalia nini? Tatizo lake ni kwamba kinatoa jibu moja kwa mambo matatu yaliyochanganywa, na moja kati ya hayo matatu linaweza kupanda bila biashara kufanya lolote la maana sokoni.

Tuanze na maduka matatu ambayo ni ya mfano tu, ila hesabu zake ni za kweli kwa maana ya kihesabu. Kila mwenye duka ameweka shilingi milioni 20 zake mwenyewe. Kila mmoja, mwaka ulipoisha, amebaki na faida ya milioni 4.8. Kodi tuiache kando ili tusichoshane. Milioni 4.8 kwa milioni 20 ni asilimia 24, na kwa hiyo faida kwa mtaji ya maduka yote matatu ni moja.

Duka la kwanza ni la unga, mchele na mafuta ya kupikia. Mali yote ya duka, kuanzia shehena na rafu hadi fedha ya kwenye droo, ni ile milioni 20 ya mwenyewe. Hadaiwi na mtu. Faida yake ni ndogo mno: katika kila shilingi 100 anazouza anabaki na 4. Lakini mzigo haulali. Kwa mwaka anauza milioni 120, kwa hiyo mali yake ya milioni 20 imezunguka mara sita. Nne mara sita ni 24.

La pili ni la samani. Naye hana deni, na mali yake ni milioni 20 vilevile: vitanda, makabati, seti za makochi. Kochi linaweza kukaa dukani miezi, na mauzo ya mwaka mzima ni milioni 20 tu. Mali imezunguka mara moja. Ila katika kila shilingi 100 anabaki na 24, kwa sababu mteja wa kabati la mninga hapigi hesabu kama mteja wa kilo ya sembe. Ishirini na nne mara moja, bado ni 24.

La tatu linauza spea za pikipiki. Mwenyewe ana milioni 20, akakopa benki milioni 40 juu yake, na duka likawa na mali ya milioni 60. Anauza milioni 60 kwa mwaka, mali inazunguka mara moja, na katika kila shilingi 100 anabaki na 8. Nane mara moja ni 8 tu. Ile 24 imetokea wapi? Imetokea kwa sababu kila shilingi moja yake imebeba mali ya shilingi tatu. Nane, mara moja, mara tatu.

Hapo ndipo vipande vitatu vilipo, na fomula yake nzima ni hii:

```
ROE = (Faida / Mauzo) × (Mauzo / Mali) × (Mali / Mtaji)
```

Ukiitazama vizuri utaona haina siri yoyote. Mauzo yako juu na chini, yanafutana. Mali iko juu na chini, nayo inafutana. Kinachobaki ni faida kwa mtaji. Kipande cha kwanza ni kiwango cha faida, yaani unabaki na kiasi gani katika kila shilingi ya mauzo. Cha pili ni mzunguko wa mali. Cha tatu nitakiita wenzo, kwa maana ileile ya mti unaoupenyeza chini ya jiwe: nguvu yako ni ndogo, mti unaikuza, na mti ukiteleza jiwe linakurudia.

Anayetajwa kuanzisha hesabu hii ni Donaldson Brown, mtu aliyesomea uhandisi wa umeme kisha akajikuta ofisi ya fedha ya kampuni ya baruti na kemikali ya DuPont huko Marekani, kabla kidogo ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ndiyo maana hadi leo inaitwa uchambuzi wa DuPont. Mwaka 1921 alihamia General Motors, ambako DuPont ilikuwa imenunua sehemu kubwa ya hisa, na hesabu yake ikahama naye. Lakini fomula ya Brown ilikuwa na vipande viwili tu, kiwango cha faida na mzunguko, vikitoa faida kwa mali. Alikuwa anataka kulinganisha idara ndani ya kampuni moja, na mkuu wa idara ya rangi haendi benki kukopa kwa jina la idara yake. Wenzo uliongezwa baadaye, wakati watu wa nje, wenye hisa na wachambuzi wao, walipoanza kuitumia hesabu kuitazama kampuni nzima. Nadhani inafaa kulikumbuka hilo: vipande viwili vya mwanzo vinaihusu kazi ya biashara, cha tatu kinahusu nani ameilipia mali inayofanya kazi hiyo.

Turudi kwenye duka la spea, kwa sababu kuna mtego ambao hata watu wanaoijua fomula huanguka ndani yake. Ukisoma namba haraka utasema: wenzo ni 3, kwa hiyo mkopo umemwongezea faida mara tatu. Sivyo. Mkopo wa milioni 40 una riba, tuseme asilimia 16 kwa mwaka, ambayo ni milioni 6.4. Ili abaki na faida ya milioni 4.8, duka lilibidi lizalishe milioni 11.2 kabla ya kulipa riba. Milioni 11.2 kwa mali ya milioni 60 ni asilimia 18.7.

Sasa jiulize angepata nini kama asingekopa kabisa, akabaki na duka dogo la milioni 20 lenye uzalishaji uleule wa asilimia 18.7. Angepata milioni 3.73. Kwa mkopo amepata milioni 4.8. Kumbe madeni yote hayo, mikutano na afisa mikopo, hati ya kiwanja iliyolala benki, yamemwongezea shilingi milioni 1.07 tu. Hesabu yake ni nyepesi: fedha ya benki ilizalisha asilimia 18.7 na yeye akailipia asilimia 16, akabaki na tofauti ya asilimia 2.7 juu ya milioni 40.

Mkopo, kwa maneno mengine, umeingia kwa mlango wa tatu ukiwa na mzigo mkubwa, halafu ukatoka kwa mlango wa kwanza na sehemu kubwa ya mzigo huo. Kiwango cha faida kabla ya riba kilikuwa 18.7 kwa kila 100 ya mauzo. Baada ya riba kikawa 8. Vipande vitatu vinazidishana, lakini havijitegemei. Ukiona wenzo wa kampuni umepanda na kiwango cha faida kimeshuka mwaka huohuo, usikimbilie kusema wameshindwa kuuza kwa bei nzuri. Nenda kwanza kwenye mstari wa gharama za riba.

Na jiwe linaporudi? Tuseme mwaka unaofuata mambo yanakuwa magumu, na kile kinachozalishwa kabla ya riba kinashuka nusu kwa maduka yote. Muuza unga anabaki na milioni 2.4. Muuza samani naye milioni 2.4. Wa spea amezalisha milioni 5.6, benki inataka milioni 6.4 zake kama kawaida, na yeye anafunga mwaka na hasara ya laki nane. Asilimia 24 zilikuwa zilezile mwaka jana, na mtu aliyezitazama peke yake asingejua duka lipi litapinduka.

Kabla hatujarudi Apple, tupite kwa mfanyabiashara wa aina ya muuza unga wetu, ila mkubwa kupindukia. Costco ni maduka ya ghala ya Kimarekani ambayo mteja hulipia uanachama ili aruhusiwe kununua. Mwaka wake wa fedha wa 2023 ulikuwa na mapato ya dola bilioni 242.3 na faida ya bilioni 6.3. Hiyo ni senti mbili na nukta sita kwa kila dola. Mali yote ilikuwa bilioni 69 na mtaji wa wenye hisa bilioni 25.1. Piga vipande vyake: asilimia 2.6, mara 3.5, mara 2.75. Jibu ni asilimia 25, namba ambayo kampuni nyingi zenye faida nono kwa kila bidhaa haziifikii. Mzunguko ndio unaoibeba Costco, na hata ile faida ndogo ina siri ndani yake: ada za uanachama zilileta bilioni 4.6 wakati faida ya uendeshaji, yaani ile ya kabla ya riba na kodi, ilikuwa bilioni 8.1. Bidhaa zenyewe zinauzwa karibu na bei ya kununulia.

Lakini kilichonifanya niitaje Costco ni wenzo wake. Namba 2.75 inaonekana kama ya mtu anayedaiwa sana, karibu na ile 3 ya duka la spea. Fungua mizania uone deni lenyewe. Jumla ya wanachodaiwa ni karibu bilioni 44, na mikopo ya muda mrefu, pamoja na sehemu iliyokuwa inaiva mwaka unaofuata, ni kama bilioni 6.5 tu. Sehemu kubwa kuliko zote ni fedha za wasambazaji, bilioni 17.5. Shehena yote iliyokuwa kwenye maghala yao ilikuwa na thamani ya bilioni 16.7. Msambazaji anashusha mzigo leo na kulipwa baada ya wiki kadhaa, na katika wiki hizo bidhaa nyingi zimekwisha kuuzwa na fedha taslimu imeingia. Kwa ufupi, wasambazaji ndio wanaogharimia rafu, na hawatozi riba. Wenzo wa aina hii hautoki kwa mlango wa kwanza kama wa benki, na unategemea kile kipande cha pili: mzunguko ukipungua kasi, fedha ya msambazaji inaiva kabla bidhaa haijauzwa, na hapo utamu unaisha.

Benki nazo zina hali yao. Amana za wateja ni madeni kwa benki, kwa hiyo wenzo wake lazima uwe mkubwa, na mzunguko wa mali lazima uwe mdogo sana, kwani mapato ya riba ni sehemu ndogo ya mikopo iliyotolewa. Kuilinganisha benki na kiwanda cha saruji kwa vipande hivi ni kupoteza muda. Linganisha benki na benki.

Haya, Apple. Mwaka wa fedha wa 2012 mauzo yalikuwa dola bilioni 156.5, faida bilioni 41.7, mali bilioni 176.1 na mtaji bilioni 118.2. Mwaka wa 2022 mauzo yalikuwa bilioni 394.3, faida bilioni 99.8, mali bilioni 352.8 na mtaji bilioni 50.7. Tukivipanga vipande kwa mfuatano wa fomula:

```
2012:  26.7%  ×  0.89  ×  1.49  =   35%
2022:  25.3%  ×  1.12  ×  6.96  =  197%
```

Kiwango cha faida kimeshuka kidogo. Mzunguko umepanda kwa takriban robo, na hayo ni maendeleo ya kweli: kila dola ya mali ilikuwa inaleta senti 89 za mauzo, sasa inaleta dola moja na senti 12. Ukiviacha vipande hivi viwili vifanye kazi yao na wenzo ubaki palepale ulipokuwa 2012, faida kwa mtaji ya 2022 ingekuwa asilimia 42. Kutoka 35 hadi 42, hiyo ndiyo sehemu iliyotokana na biashara ya simu, kompyuta na huduma. Kutoka 42 hadi 197 ni kipande cha tatu.

Tazama tena mtaji: kutoka bilioni 118 ukashuka hadi bilioni 51, katika miaka kumi ambayo kampuni ilipata faida ya jumla inayozidi bilioni 590. Kwa kawaida faida isiyogawiwa huingia kwenye mtaji na kuukuza. Hapa uliliwa, na aliyeula ni kampuni yenyewe kwa kununua hisa zake sokoni. Kampuni inaponunua hisa yake, fedha inatoka upande wa mali na mtaji unapungua kwa kiasi hichohicho. Mwaka wa 2022 peke yake Apple ilitumia kama bilioni 89 kununua hisa zake na karibu bilioni 15 kulipa gawio. Jumla yake ni zaidi ya faida yote ya mwaka. Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 2012 kampuni haikuwa na hata hatifungani moja sokoni, yaani mkopo unaochukuliwa kwa wawekezaji, na ya kwanza kwa kipindi hiki, ya dola bilioni 17, iliuzwa Aprili 2013.

Kwa hiyo wenzo wa 6.96 ulipatikana zaidi kwa kupunguza namba ya chini kuliko kwa kuongeza mali. Je, ni hatari kama ya duka la spea, au zaidi, maana 6.96 ni zaidi ya mara mbili ya 3? Hapa wenzo peke yake haukuambii. Swali la kuuliza ni riba inafunikwa mara ngapi. Duka la spea lilizalisha milioni 11.2 na riba yake ilikuwa milioni 6.4, kwa hiyo ilifunikwa mara 1.75, uzalishaji ukishuka nusu umekwisha. Apple mwaka huo ilikuwa na faida ya uendeshaji ya bilioni 119.4, na gharama ya riba bilioni 2.9. Mara 41. Tena mikopo yake yote, kama bilioni 120, ilikuwa midogo kuliko fedha na dhamana za soko ilizokuwa nazo, takriban bilioni 169. Hii si kampuni inayoning'inia. Ni kampuni ambayo mizania yake imekondeshwa kwa makusudi mpaka faida kwa mtaji ikapoteza maana yake ya kawaida.

Kwamba imepoteza maana, miaka miwili iliyofuata inaonyesha vizuri. Mwaka wa 2023 faida ilishuka kutoka bilioni 99.8 hadi 97.0, ambayo ni chini ya asilimia tatu. Faida kwa mtaji ilianguka kutoka 197 hadi 156. Mtu angedhani kampuni imepigwa na radi, kumbe mtaji tu ulipanda hadi bilioni 62.1. Mwaka wa 2024 faida ilishuka tena, hadi bilioni 93.7, safari hii kwa sababu ya kodi ya mara moja ya takriban bilioni 10 iliyotokana na kesi ya Umoja wa Ulaya kuhusu Ireland. Na faida kwa mtaji? Ilipanda hadi asilimia 165, kwa sababu mtaji ulikuwa umerudi chini hadi bilioni 57. Faida inashuka na kipimo cha faida kinapanda. Wenzo ulitoka 5.67 hadi 6.41, na huo ulitosha kufunika kushuka kwa vipande vingine viwili.

Ukijaribu kuzihakiki namba hizi kwenye programu ya simu, huenda ukakuta tofauti, na si lazima mmoja wetu awe amekosea. Mimi nimegawanya kwa mtaji wa siku ya kufunga mwaka. Wengine hugawanya kwa wastani wa mtaji wa mwanzo na mwisho wa mwaka, na kwa Apple ya 2023 njia hiyo inatoa asilimia 172 badala ya 156. Wastani una mantiki zaidi, kwa kuwa faida ni ya miezi kumi na miwili na mtaji ni picha ya siku moja. Muhimu ni kwamba ukichagua njia moja, vipande vyote na miaka yote uitumie hiyohiyo. Kutumia mali ya wastani kwenye kipande cha pili na mali ya mwisho wa mwaka kwenye cha tatu kutafanya mali isifutane, na jibu halitarudi kuwa faida kwa mtaji. Huo ndio ukaguzi rahisi kuliko wote: zidisha vipande vyako, kisha gawanya faida kwa mtaji moja kwa moja, na majibu yafanane.

Namba ya chini ikiendelea kukonda, mwishowe inavuka sifuri. McDonald's imekuwa na mtaji hasi kwa miaka kadhaa kwa sababu ya kununua hisa zake, ingawa inapata faida kubwa. Kenya Airways nayo ina mtaji hasi, ila yake ilifika huko kwa njia chungu, ya hasara zilizorundikana. Na hapo fomula hugeuka kuwa kichekesho. Mwaka 2023 shirika lilipata hasara ya shilingi za Kenya bilioni 22.7. Hasara ni namba hasi, mtaji ni namba hasi, na hasi ukigawanya kwa hasi unapata chanya: faida kwa mtaji inatoka nzuri. Mwaka 2024 likapata faida ya bilioni 5.4, ya kwanza baada ya miaka kumi na moja, na kipimo kikageuka kuwa hasi mwaka huohuo wa kusherehekea. Ukiona mtaji hasi, weka fomula chini. Vipande viwili vya mwanzo bado vinasomeka, kwa sababu haviugusi mtaji. Cha tatu hakisomeki kabisa.

Kuna njia nyingine ya kukondesha namba ya chini ambayo haina soko la hisa wala hatifungani ndani yake, na nimeiona zaidi kwa watu wa magari ya mizigo kuliko mahali pengine popote. Chukua mtu mwenye lori moja lililonunuliwa kwa milioni 60 taslimu, bila mkopo. Mhasibu wake analipunguzia thamani milioni 10 kila mwaka, kwa miaka sita. Mauzo ni milioni 60 kwa mwaka, na baada ya mafuta, dereva, matairi na ule uchakavu, faida ni milioni 6. Kila mwaka mwenyewe anachukua faida yote akaitumia nyumbani, na ile milioni 10 ya uchakavu, ambayo ni gharama ya kwenye vitabu na si fedha iliyotoka, nayo anaichukua.

Hesabu tukizifanya kwa thamani ya mwanzo wa mwaka, mwaka wa kwanza ana kiwango cha faida cha asilimia 10, mzunguko wa mara 1, wenzo 1, faida kwa mtaji asilimia 10. Mwaka wa tatu lori lina thamani ya milioni 40 vitabuni, mzunguko ni 1.5, faida kwa mtaji asilimia 15. Mwaka wa sita lori linaanza na thamani ya milioni 10; mzunguko umefika mara 6, sawa na duka la unga, na faida kwa mtaji ni asilimia 60. Hajaongeza mteja hata mmoja, wala nauli hata shilingi. Safari hii wenzo hauna kosa lolote, umebaki 1 tangu mwanzo. Ni mzunguko ndio uliopanda, na umepanda kwa sababu lori linazeeka.

Utaligundua jambo hili ukitazama mauzo na mali kila moja peke yake badala ya kuridhika na mgawanyo wao. Mauzo yalikuwa yamesimama palepale milioni 60 miaka yote sita, na mali ndiyo iliyokuwa inashuka ngazi. Mwaka wa saba vitabu vinasema lori ni sifuri, gereji inasema injini haifai, na zile milioni 60 za uchakavu ambazo zingenunua jingine zilikwisha kuliwa zamani.